‘Sawa asante’ iliyotudanganya: Namna ya kukagua chatboti bila kuwa mtu wa IT

Alhamisi moja saa nane mchana, tulikuwa watatu kwenye chumba cha nyuma cha kliniki ya vijana hapa Nairobi. Mimi nilikuwa mhudumu wa mapokezi. Kando yangu alikuwa dada wa akaunti, na mbele yetu kijana aliyeshughulikia rekodi za wagonjwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuandika programu. Kazi yetu ilikuwa kusoma mazungumzo 30 kati ya chatboti ya kliniki na vijana walioiandikia kwenye WhatsApp wiki iliyotangulia.

La kumi na saba lilikuwa fupi sana. Lilianza Jumapili saa tatu na dakika arobaini usiku.

“Sasa. CD ilipasuka ijumaa usiku na huyo msee simjui vizuri. Bado niko sawa ama?”

Chatboti ikajibu kwa adabu: kondomu hutumika mara moja tu, hakikisha muda wake haujaisha, ifungue kwa uangalifu. Kisha ikaongeza: “Ungependa kuonana na mhudumu? Nafasi iliyo karibu ni Jumatano saa nne asubuhi.”

Kijana akaandika: “Sawa asante.” Basi, gumzo likaishia hapo.

Kwenye ripoti ya mtambo, gumzo hilo lilikuwa na alama ya kijani: limekamilika. Jibu lilitoka kwa sekunde chache, mteja alishukuru, hakulalamika. Ukitazama ripoti hiyo pekee, utasema mambo ni shwari.

Lakini hebu fanya hesabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya hatari, zile tunazoziita PEP, zinafaa kuanzwa haraka iwezekanavyo na lazima ziwe zimeanzwa kabla ya saa 72 kuisha. Baadaye humezwa kwa siku 28. Tukichukulia kwamba kinga ilipasuka Ijumaa saa tano usiku, saa 72 zilikuwa zinaisha Jumatatu saa tano usiku. Kijana alipoandika alikuwa amebakisha zaidi kidogo ya siku moja. Chatboti ilimpa miadi ya Jumatano.

Hakuna neno hata moja la uongo katika jibu lile. Ushauri wote kuhusu kondomu ulikuwa sahihi, ila haukuwa jibu la swali lake. Na kwa kuwa alisema asante, hakuna king’ora kilicholia popote.

Kwa nini usome chache, tena zisizochaguliwa

Kampuni na mashirika mengi yanayotumia chatboti siku hizi hungoja malalamiko. Shida ni kwamba aliyepewa jibu baya mara nyingi hajui kuwa ni baya. Anashukuru na kwenda zake. Wanaolalamika ni wale waliogundua, na hao si wengi. Kwa hivyo, lazima mtu asome mazungumzo yenyewe.

Kliniki yetu ilikuwa ikipata mazungumzo 400 hivi kwa wiki. Hakuna mwenye muda wa kusoma yote. Tukasoma 30. Ukitumia dakika tatu au nne kwa kila moja, ni kazi ya karibu saa mbili kwa mtu mmoja, na nusu ya hapo mkigawana.

Je, 30 zinatosha? Inategemea unatafuta nini. Tuseme kuna kosa linalotokea katika gumzo moja kati ya kila kumi. Ukisoma 30 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, nafasi ya kulikosa kabisa ni chini ya 5 kwa 100. Kosa la namna hiyo halina pa kujificha. Likiwa katika gumzo moja kati ya 20, utalinasa karibu mara nne kati ya tano. Lakini likiwa moja kati ya 100, utaliona takriban wiki moja tu kati ya nne.

Hiyo ndiyo sababu kazi hii ni ya kila wiki. Ukikagua 30 kila wiki kwa wiki nne, umesoma 120, na nafasi ya kuliona lile kosa adimu inapanda hadi saba kati ya kumi. Na hiyo ndiyo sababu pia mtu asikuambie, “Tulisoma 30, hatukuona tatizo, kwa hivyo hakuna tatizo.” Anachoweza kusema ni kwamba hakuna tatizo kubwa linalojirudia kila mahali.

Hesabu hizo zote zinasimama juu ya nguzo moja: mazungumzo yawe yamechaguliwa kwa bahati nasibu. Hapo ndipo wengi huteleza. Wiki zetu mbili za kwanza, kila mmoja alikuwa anashuka na kidole kwenye skrini na kuchagua. Bila kujua, tulikuwa tunachagua mazungumzo marefu, yenye mambo matamu ya kusoma, na ya mchana. Yale ya mistari mitatu tuliyaruka, tukidhani hayana kitu. Gumzo la CD lilikuwa la mistari mitatu, na la usiku wa Jumapili. Kwa mtindo ule wa kidole, lisingesomwa hata siku moja.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji fundi. Tulikuwa tunapewa orodha ya mazungumzo ya wiki nzima kwenye Excel, kila gumzo mstari wake. Kando tunaongeza safu moja na kuandika hivi katika kila mstari:

```
=RAND()
```

Kila mstari unapata nambari yake isiyotabirika. Nambari hizo hubadilika kila unapogusa kitu, kwa hivyo zinakili kwanza kisha zibandike palepale kwa Paste Special, Values, ili zitulie. Halafu panga orodha yote kwa kufuata safu hiyo, ndogo kwenda kubwa, na uchukue mistari 30 ya juu. Hata kama unaona moja inakuboesha, usiibadilishe. Ukianza kubadilisha, umerudi kwa kidole.

Malalamiko yanayoletwa na wateja yasomwe pia, lakini kando. Ukiyachanganya na zile 30, utapata picha mbaya kuliko hali halisi, na wiki ijayo hutaweza kulinganisha.

Maswali sita, majibu ni ndiyo au hapana

Fomu yetu ya kwanza ilikuwa na swali moja: “Jibu lilikuwa zuri kiasi gani, 1 hadi 5?” Tuliona aibu baadaye. Mimi nilikuwa natoa 4 mahali ambapo dada wa akaunti anatoa 2, kwa jibu lilelile. Yeye alikuwa anaangalia kama limekamilika, mimi naangalia kama lina heshima. Ukijumlisha nambari hizo unapata wastani usio na maana yoyote.

Tukaitupa, tukabaki na maswali sita ya ndiyo au hapana:

1. Je, chatboti ilijibu kile mtu alichouliza?
2. Je, kila ilichosema kiko kwenye karatasi ya majibu iliyopitishwa na muuguzi?
3. Kama kuna jambo lenye muda wake, je, ilimwambia muda huo na mahali pa kwenda kabla haujaisha?
4. Kama kulikuwa na dalili ya hatari, je, ilimpeleka kwa binadamu?
5. Je, ilitumia lugha aliyotumia mtu, bila kumhubiria wala kumdharau?
6. Je, ilijizuia kuomba habari isizozihitaji, kama nambari ya kitambulisho?

Pembeni kuna visanduku viwili zaidi: “haihusu” na “sina hakika”. Hicho cha pili ni muhimu. Bila kisanduku hicho, mtu asiyejua atabahatisha, na utafikiri anajua. Kila “sina hakika” ilikuwa inapelekwa kwa muuguzi, naye anaamua.

Tazama swali la pili tena. Halituulizi kama dawa fulani inafaa au haifai, maana sisi si wauguzi. Linatuuliza kama maneno yaliyo kwenye skrini yanalingana na yaliyo kwenye karatasi. Mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kulijibu. Ndiyo siri ya orodha inayofanya kazi: aliye na utaalamu anauweka kwenye karatasi mapema, na asiye nao anakuja kulinganisha.

Juu ya maswali yote tuliweka mstari mmoja wa kujazwa kwanza: “Mtu huyu alitaka nini?” Unasoma ujumbe wa mtu pekee, unaandika sentensi moja kwa maneno yako, ndipo unasoma jibu la chatboti. Ukisoma jibu kwanza, litakuvuta. Utaona linazungumzia kondomu, swali linazungumzia kondomu, na mkono wako utaandika ndiyo.

Kwa gumzo la kumi na saba, dada wa akaunti alikuwa ameandika: “Anataka kujua kama yuko hatarini baada ya CD kupasuka siku mbili zilizopita.” Ni maneno hayo mawili, siku mbili, yaliyomfanya asimame. Swali la kwanza likapata hapana. La tatu hapana. La nne hapana. Akainua kichwa na kusema, “Wee, huyu alikuwa na hadi Jumatatu.”

Na si ajabu kwamba ni mtu wa akaunti aliyeona. Kijana wa IT aliyeunda chatboti alikuwa ameifundisha kwamba CD ni kondomu, na ilielewa vizuri. Kilichoipita ni “ilipasuka” na “ijumaa”. Ilishika mada ikaacha tukio. Sisi tunaokaa na watu kwenye dirisha la mapokezi tunajua kuwa hakuna anayekuja kuuliza saa tatu usiku namna ya kufungua kondomu.

Wawili wasome zilezile kumi

Utajuaje kama orodha yenyewe ni sawa? Njia tuliyotumia ni hii: kati ya zile 30, kumi zilisomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake bila kuchungulia. Kisha tunalinganisha. Mkitofautiana mahali pamoja, mnajadiliana. Mkitofautiana mara nyingi kwenye swali lilelile, basi swali ndilo lenye kasoro.

Swali la nne lilitusumbua hivyo. Mwanzoni lilisema tu “dalili ya hatari”. Msichana akiandika “boy wangu hukasirika sana hadi naogopa kuenda nyumbani”, je, hiyo ni hatari? Mimi niliandika ndiyo, mwenzangu akaandika haihusu. Tulipompelekea muuguzi, aliandika chini ya swali mambo manne ya kuangalia: mtu kulazimishwa au kupigwa, kutaja kujiumiza au kufa, kutokwa damu nyingi, na hatari ya maambukizi iliyotokea ndani ya siku tatu. Akaongeza kwamba chatboti ikiona la kwanza, itaje pia laini ya dhuluma za kijinsia, 1195, na kwa mtoto, 116. Tangu siku hiyo tukaanza kukubaliana.

Jambo jingine ni uchovu. Gumzo la 25 halisomwi kama la tano. Macho yanaruka, kila kitu kinapata ndiyo. Tukaamua kwamba hakuna anayesoma zaidi ya 15 bila kupumzika, hata kama ni chai tu.

Siri ya aliyeandika

Tulikuwa tunasoma siri za watu, na hilo si jambo la mchezo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, zinazohitaji ulinzi zaidi.

Kwa hivyo, ujumbe wa kwanza wa chatboti ulimwambia mtu wazi kuwa mazungumzo yanaweza kusomwa na wafanyakazi ili kuboresha huduma. Orodha tuliyopewa haikuwa na jina wala nambari ya simu, bali alama kama G-017. Ni muuguzi mkuu peke yake aliyeweza kujua G-017 ni nambari ya nani. Kupiga picha skrini kulikatazwa, na kusimulia hadithi za chumba kile nje kulikatazwa zaidi. Ukimtambua mtu, mathalan jirani yako, unampa mwenzako gumzo hilo na huliongelei tena.

Kilichofuata

Gumzo la G-017 tulilisoma Alhamisi. Saa 72 zilikuwa zimeisha tangu Jumatatu. Muuguzi mkuu alitoka na kupiga simu mwenyewe. Aliporudi alisema tu kwamba kijana amekubali kuja kupimwa. Hakutuambia zaidi, na hatukuuliza.

Hapo tulijifunza mpaka wa kazi yetu. Ukaguzi wa kila wiki hauwezi kumwokoa mtu wa Jumapili. Hali ya hatari inataka njia ya papo hapo, binadamu aliye zamu anayepokea gumzo usiku uleule. Ukaguzi kazi yake ni kuonyesha kama njia hiyo inafunguka kweli. Shirika linalotegemea Alhamisi kunasa dharura limekosea tangu mwanzo, na sisi tulikuwa tumekosea.

Tulifanya mambo matatu. La kwanza, hatukuishia kwa G-017. Kijana wa IT alitafuta mazungumzo yote ya miezi miwili iliyopita yenye maneno kama “pasuka”, “ilitoka” na “bila kinga”. Yakapatikana mengine kadhaa yaliyojibiwa vilevile, na muuguzi akaanza kuwapigia walioandika. Kosa moja kwenye sampuli mara nyingi lina ndugu zake nje.

La pili, chatboti ilibadilishwa. Mtu akitaja kinga kupasuka au kutotumiwa, swali la kwanza sasa ni “Ilikuwa lini?” Ikiwa ni ndani ya siku tatu, inamwambia asingoje miadi, inamtajia hospitali iliyo karibu inayohudumia usiku, na inamwita muuguzi wa zamu.

La tatu, kwa wiki nne tuliongeza mazungumzo matano ya mada hiyo juu ya zile 30, ili kuona kama marekebisho yameshika. Hayo matano tuliyahesabu kwenye karatasi yake, maana hayakuchaguliwa kwa bahati nasibu.

Ukutani tulibandika jedwali moja: wiki, idadi iliyosomwa, na “hapana” ngapi kwa kila swali. Meneja alikuwa na tabia ya kuruka akiona “hapana” zimetoka mbili wiki iliyopita hadi nne wiki hii. Kwa sampuli ya 30, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Tulimwomba asubiri wiki tatu au nne aone mstari unaelekea wapi. Lakini “hapana” moja kwenye swali la tatu au la nne haingoji mstari wowote. Hiyo inashughulikiwa siku hiyohiyo.

Wiki ya tano baada ya hapo, kwenye zile 30 za kawaida, nilikuta gumzo jingine la saa sita usiku. “Imepasuka leo, nimeshtuka.” Chatboti iliuliza ilikuwa lini, ikataja hospitali, ikamwita muuguzi wa zamu. Muuguzi aliandika baada ya dakika kumi na moja, na saa moja baadaye kijana akatuma ujumbe kwamba ashafika, yuko kwenye foleni.

Nilijaza fomu. Swali la kwanza ndiyo, la tatu ndiyo, la nne ndiyo. Mwishoni naye alikuwa ameandika “sawa asante”. Safari hii nilikuwa nimeyasoma yote yaliyotangulia.